Barua ya Wazi kwa Vyama vya Samaki vya Homa Bay na Migori: Linganisheni Kabla ya Kununua

KWA:
Wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vyama vya ushirika vya samaki, Homa Bay na Migori;
Maafisa wa ushirika wa kaunti zote mbili;
Matawi ya Chemba ya Kitaifa ya Biashara na Viwanda ya Kenya, Homa Bay na Migori.

KUH: KULINGANISHA BARUA YA MKOPO NA MKATABA WA MAUZO KABLA YA KUTOA PESA ZA WANACHAMA

Ndugu viongozi,

Nawaandikia kuomba jambo moja. Barua ya mkopo ya mnunuzi wa ng'ambo ikifika, kamati isitoe hata shilingi moja ya kununulia samaki mpaka barua hiyo iwekwe kando ya mkataba wa mauzo, isomwe kipengele kwa kipengele, na kila tofauti ipatiwe jibu la maandishi. Nimefanya kazi ya kukagua hati za wauzaji bidhaa nje ya nchi upande wa benki, yaani upande wa meza unaokubali au kukataa hati. Karibu kila hati niliyoshuhudia ikikataliwa, kosa lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye barua ya mkopo tangu siku ilipofika, wiki kadhaa kabla ya samaki kuvuliwa. Mtu angelisoma mapema, lingesahihishwa. Halikusomwa kwa sababu kamati iliiona barua yenyewe kuwa ndiyo malipo, ikaanza kununua.

Barua ya mkopo si malipo. Ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba italipa ikiwa itaonyeshwa hati fulani, zilizoandikwa kwa namna fulani, kabla ya tarehe fulani. Benki hailipii samaki, inalipia karatasi. Kanuni zinazofuatwa duniani katika kazi hii, UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007, zinasema wazi katika kifungu cha 4 kwamba barua ya mkopo ni shughuli iliyojitenga na mkataba wa mauzo, na kwamba mkataba hauihusu benki hata kama umetajwa ndani ya barua hiyo. Kifungu cha 5 kinaongeza kwamba benki hushughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Kwa hiyo mkataba wenu ukisema jambo moja na barua ya mkopo ikasema jingine, benki itafuata barua. Mkiwapelekea mkataba kama ushahidi hawataufungua.

Dibaji ya kanuni hizo inataja tafiti zilizoonyesha kwamba takriban asilimia 70 ya hati zilizowasilishwa chini ya barua za mkopo zilikuwa zikikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya hitilafu. Wauzaji wengi walikuwa na bidhaa nzuri na meli iliyokwisha kung'oa nanga, ila karatasi zao hazikupatana.

Kukaa kimya ni kukubali

Kuna kesi ya kahawa ya Kenya ambayo kila kamati ingefaa kuijua. Kampuni ya W. J. Alan iliuza kahawa kwa shirika la biashara la Misri lililoitwa El Nasr, kwa mikataba miwili ya tani 250 kila mmoja, kahawa ipakiwe Mombasa. Bei iliwekwa kwa shilingi za Kenya. Barua ya mkopo ilipofunguliwa, ilikuwa ya pauni za Uingereza. Wakati huo shilingi na pauni zilikwenda sambamba, hivyo muuzaji hakuona haja ya kulalamika. Akaitumia barua ile, akapakia, akaandaa hati zake kwa pauni. Kisha, Novemba 1967, Uingereza ikashusha thamani ya pauni huku shilingi yetu ikibaki pale pale. Muuzaji akadai apewe tofauti, kwa kuwa mkataba ulisema shilingi.

Kesi ilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza, na hukumu ikatolewa mwaka 1972. Muuzaji alishindwa. Mahakama ilisema kwamba kwa kuitumia barua ya pauni bila kupinga, alikuwa ameiachilia haki yake ya kulipwa kwa shilingi. Mkataba ulikuwa upande wake, lakini mwenendo wake mwenyewe ulikuwa umeubadilisha.

Hukumu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza, mnunuzi akileta barua isiyolingana na mkataba, mna haki ya kuikataa na kudai isahihishwe kabla hamjapakia chochote. La pili, haki hiyo ina umri mfupi. Mkishaanza kuitumia barua, mkataba wenu unapungua nguvu kila siku, hata mkiwa nao mkononi umetiwa saini na mihuri yote. Ndiyo maana nasisitiza kulinganisha kufanyike kabla ya ununuzi. Baada ya kupakia, kulinganisha hakuwapi tena uwezo wa kudai.

Swali moja la kuuliza kila kipengele

Kamati nyingi nilizoona zikijaribu kulinganisha hushindwa kwa sababu zinasoma karatasi mbili zikitafuta maneno yasiyofanana. Zinapata tofauti nyingi, zinachoka, kisha zinapigania zile zisizo na madhara na kuziacha zile zenye sumu. Napendekeza mchore jedwali lenye safu nne. Ya kwanza iandikwe mkataba unasema nini. Ya pili, barua ya mkopo inasema nini, pamoja na namba ya kisanduku chake, kwa maana barua hizi hutumwa kati ya benki kwa muundo uitwao MT700 na kila jambo lina kisanduku chenye namba. Ya tatu, ni hati gani itakayothibitisha jambo hilo mbele ya benki. Ya nne ndiyo muhimu kuliko zote: kalamu ya kuandika hati hiyo iko mkononi mwa nani?

Kama kalamu iko mkononi mwenu, kwa mfano ankara au orodha ya upakizi, mna nafasi ya kuandika inavyotakiwa, mradi ni kweli. Kama iko mkononi mwa afisa wa serikali au wakala wa meli, ataandika anachokiona yeye. Na kama iko mkononi mwa mnunuzi, basi malipo yenu yako mikononi mwake, na benki haiwezi kuwasaidia. Tofauti inayoangukia kwenye kalamu ya mtu mwingine ndiyo inayozuia malipo.

Nitaonyesha kwa mfano. Nimeutunga ili nisimtaje mtu, lakini hakuna kipengele ndani yake ambacho sikukiona mezani.

Chama kimoja cha Homa Bay, kinachokusanya sangara kutoka Mbita na Sindo pamoja na Muhuru Bay na Sori upande wa Migori, kimeingia mkataba na mnunuzi wa Dubai. Kinauza tani 20 za minofu ya sangara iliyogandishwa, bila ngozi na bila mifupa, kwa dola 5 kwa kilo, jumla dola 100,000. Mkataba unaruhusu kiasi kuzidi au kupungua kwa asilimia 10. Shehena ipakiwe Mombasa ndani ya siku 45 baada ya barua ya mkopo kupokelewa, hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya kupakia, na barua iishie Kenya. Hati zilizokubaliwa ni ankara, orodha ya upakizi, hati ya shehena ya meli, cheti cha afya na cheti cha asili ya bidhaa. Barua ya mkopo inafika tarehe 8 Mei. Kila mtu anafurahi. Sasa tuisome.

Samaki wabichi au waliogandishwa

Kisanduku 45A, kinachoeleza bidhaa, kinasema minofu mibichi ya sangara. Mkataba ulisema iliyogandishwa. Huenda karani wa mnunuzi alinakili kutoka oda ya zamani. Neno moja tu, na katibu wa chama anaweza kusema kwamba kila mtu anajua tulikubaliana nini.

Peleka neno hilo kwenye safu ya tatu na ya nne. Maelezo ya bidhaa yanathibitishwa kwanza na ankara, ambayo kalamu yake ni yenu. Kifungu cha 18 cha UCP 600 kinataka maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalingane na yale ya barua ya mkopo. Kwa hiyo ankara inatakiwa iseme mibichi. Lakini cheti cha afya kinaandikwa na mkaguzi wa Huduma ya Uvuvi ya Kenya, naye ataandika kilichomo ndani ya katoni, yaani minofu iliyogandishwa. Wakala wa meli naye ataonyesha kwenye hati ya shehena kwamba kontena la baridi limewekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kifungu cha 14 kinasema taarifa katika hati moja si lazima zifanane neno kwa neno na za hati nyingine, lakini zisipingane. Ubichi na kugandishwa vinapingana.

Mkiandika mibichi kwenye ankara, mmepishana na cheti cha afya, na zaidi ya hapo mmeandika uongo. Mkiandika iliyogandishwa, mmepishana na barua ya mkopo. Hakuna namna ya kuandika itakayowaokoa. Wala msifikirie kumwomba mkaguzi abadilishe cheti. Wale waliokuwa kwenye biashara ya samaki wa Ziwa Victoria kati ya 1997 na 1999 wanakumbuka Umoja wa Ulaya ulivyofunga soko lake kwa sangara wetu, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, mara kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Uaminifu wa cheti cha afya ulijengwa upya kwa jasho baada ya hapo. Tofauti ya namna hii ina dawa moja tu: barua ya mkopo irekebishwe.

Katoni zinapohesabiwa

Kisanduku hicho hicho kinasema katoni 2,000 za kilo 10. Ukizidisha unapata tani 20, sawa na mkataba, na kamati itaweka alama ya tiki. Lakini ile ruhusa ya asilimia 10 haionekani popote kwenye barua, na kisanduku 43P kinakataza kupakia kwa mafungu.

Hapa kuna jambo wanalolikosea hata wazoefu. Wamesikia kwamba kanuni huruhusu kiasi kupishana kwa asilimia 5 hata kama barua imenyamaza. Ni kweli, kifungu cha 30 kinaruhusu, ila kwa masharti mawili: pesa zinazodaiwa zisizidi kiasi cha barua, na kiasi cha bidhaa kiwe hakikutajwa kwa idadi ya vifungashio au vitu vya kuhesabika. Barua ikisema kilo 20,000, ruhusa ipo. Ikisema katoni 2,000, ruhusa imekufa, na katoni 1,999 ni hitilafu.

Sasa fikirini ziwa lilivyo. Upepo ukichafuka wiki mbili, samaki wa kufikia ukubwa unaotakiwa wanakuwa haba, na siku ya kupakia chama kina katoni 1,870. Kwa mkataba hakuna tatizo, kwa kuwa kiwango cha chini ni katoni 1,800, na mnunuzi anadaiwa dola 93,500. Kwa barua ya mkopo, shehena hiyo ni pungufu na hati zitakataliwa. Idadi hiyo haiwezi kufichwa pia, maana wakala wa meli ataiandika kwenye hati ya shehena na mkaguzi kwenye cheti cha afya.

Marekebisho ya kuomba hapa yana sehemu mbili, na zote zinahitajika. Kwenye 45A iandikwe kwamba kiasi kinaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 10. Kwenye 39A, kinachohusu kiasi cha pesa, iwekwe asilimia hiyo hiyo. Mkipata ya kwanza bila ya pili, mtaruhusiwa kupakia katoni 2,100 lakini benki haitavuka dola 100,000, na hizo dola 5,000 za ziada mtazidai kwa mnunuzi bila dhamana ya mtu.

Tarehe tatu na mahali pamoja

Mkataba unawapa siku 45 tangu barua kufika, yaani mpaka tarehe 22 Juni. Kisanduku 44C kinasema mwisho wa kupakia ni tarehe 10 Juni. Tofauti hii ya siku 12 huonwa na wengi. Wasichokiona ni visanduku viwili vinavyofuata: 48 kinadai hati ziwasilishwe ndani ya siku 7 baada ya kupakia badala ya 21, na 31D kinasema barua inaishia tarehe 20 Juni, Dubai.

Tembeeni na karatasi zenyewe. Meli inaondoka Mombasa tarehe 10 Juni. Hati ya shehena haitoki siku hiyo. Wakala huiandaa, ada zake hulipwa, kisha hutoa nakala halisi. Nakala hizo zisafiri kukutana na cheti cha afya, cheti cha asili kilichogongwa muhuri na Chemba, na ankara iliyotoka Homa Bay, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini. Benki yenu izipitie. Kisha zote zipelekwe kwa tarishi wa ndege mpaka Dubai na kufika kaunta ya benki kabla ya kufungwa tarehe 17 Juni, ambayo ndiyo siku ya saba. Siku moja ya mapumziko upande wowote inatosha kuharibu kila kitu, na kuchelewa ni hitilafu isiyoweza kusahihishwa kwa kuandika upya.

Nawasihi msione mahali pa kuishia barua kama jambo dogo kuliko tarehe. Barua ikiishia Kenya, na benki ya hapa ikatajwa kwenye kisanduku 41a kuwa ndiyo inayopokea na kukubali hati, mnatimiza wajibu wenu mnapozikabidhi kaunta ya hapa. Kifungu cha 35 kinasema benki hiyo ikiona hati ni sahihi na kuzituma, benki ya mnunuzi inawajibika hata kama hati zitapotea njiani. Barua ikiishia Dubai, kupotea kwa bahasha ni hasara yenu.

Saini ya mnunuzi

Mwisho, kisanduku 46A kimeongeza hati ambayo mkataba haukuitaja: cheti cha ukaguzi kilichotiwa saini na mwakilishi wa mnunuzi, na saini hiyo ifanane na ile iliyohifadhiwa na benki ya Dubai.

Mnunuzi atawaambia ni utaratibu wa kawaida, na kwamba mtu wake atakuja kiwandani siku moja kabla ya kupakia. Labda ni mkweli. Lakini ulizeni safu ya nne: kalamu iko kwa nani? Bei ya samaki ikishuka Dubai, mwakilishi hatakuja. Au atakuja, asaini, na benki iseme saini haifanani na ile iliyo kwenye faili, jambo ambalo nyinyi hamna njia ya kulihakiki kabla. Barua yenye sharti hili imemrudishia mnunuzi uamuzi wote ambao ilikusudiwa kuuondoa kwake. Kama anataka ukaguzi, na ana haki ya kuutaka, ufanywe na kampuni huru ya ukaguzi itakayotajwa kwa jina, na cheti chake kisihitaji saini ya kulinganishwa na faili la benki. Akikataa hilo, msipakie.

Tofauti zisizo na madhara

Msipoteze nguvu kwa kila kitu. Katika barua yetu ya mfano, kisanduku 43T kinakataza kuhamisha shehena kutoka meli moja kwenda nyingine, wakati mkataba ulikuwa kimya. Mtu mwenye hofu atadai kifutwe. Lakini kifungu cha 20 kinakubali hati ya shehena inayoonyesha kuhamishwa hata kama barua imekataza, ikiwa bidhaa zimo ndani ya kontena na safari yote imebebwa na hati moja ya shehena. Samaki wenu wamo ndani ya kontena.

Vivyo hivyo anwani. Barua imeandika sanduku la posta la zamani la chama. Kifungu cha 14 hakidai anwani ya muuzaji kwenye hati ifanane na ile ya barua, mradi iwe nchi ile ile. Jina la chama ni jambo jingine. Likikosewa, liombeeni marekebisho, kwa kuwa vyeti vya serikali vitatoka kwa jina lililosajiliwa na hakuna afisa atakayelipinda lifuate kosa la benki ya Dubai.

Kuomba marekebisho

Mkishamaliza jedwali, andikeni barua moja kwa mnunuzi yenye marekebisho yote: kisanduku gani, kinasema nini, kisomeke vipi, na kifungu gani cha mkataba kinachowapa haki hiyo. Msitume leo moja na kesho jingine. Kila marekebisho yana ada, na mnunuzi anayeombwa mara ya nne huanza kukataa hata la haki. Ada ilipwe na nani, mkataba wenu useme mapema. Kwa tofauti iliyoletwa na mnunuzi, ni haki alipe yeye.

Kisha subirini. Jibu la mnunuzi kwa simu au kwa WhatsApp kwamba ameshakubali halina uzito wowote. Marekebisho yanakuwepo yanapofika kupitia benki, kwa ujumbe uitwao MT707, kwa sababu kifungu cha 10 kinasema barua ya mkopo haibadiliki bila kukubali kwa benki iliyoitoa, benki iliyoithibitisha kama ipo, na nyinyi wenyewe. Someni ujumbe huo kwa umakini ule ule. Huweza kuja na zawadi na mwiba pamoja: umerudisha siku 45 na kupunguza bei kwa kilo. Hamruhusiwi kuchukua zawadi na kuacha mwiba. Kanuni inasema kukubali sehemu ya marekebisho ni kuyakataa yote. Na mkiwasilisha hati zinazofuata marekebisho ambayo hamkuwa mmeyajibu, mtahesabiwa mmeyakubali wakati huo huo.

Je, marekebisho yasipokuja? Hapo ndipo inapoonekana faida ya kutonunua mapema. Samaki bado wako ziwani, na chama kinaweza kusema hapana bila kupoteza zaidi ya muda. Linganisheni na chama kilichopakia kwa matumaini. Benki ya mnunuzi ina siku tano za kazi za kukagua hati, kisha inatuma taarifa ya kukataa ikizitaja hitilafu. Inamuuliza mnunuzi kama atazisamehe. Mnunuzi anajua kontena limeunganishwa umeme Jebel Ali na gharama zinapanda kila siku, anajua hamna mnunuzi mwingine pale, naye anajibu kwamba atasamehe mkipunguza bei. Sheria haijavunjwa hapo. Mvuvi wa Muhuru Bay ndiye anayebeba punguzo hilo, na ataambiwa soko lilikuwa baya.

Kulinganisha kuna mipaka yake. Hakumzuii mnunuzi kufilisika kabla ya kufungua barua, na hakuwalindi na benki dhaifu ya ng'ambo. Kwa hilo kuna barua iliyothibitishwa na benki ya hapa, na kisanduku 49 ndicho kitakachowaambia kama uthibitisho umeombwa. Mkataba wenu kama ulidai uthibitisho na kisanduku hicho hakiuonyeshi, hiyo nayo ni tofauti ya kudai irekebishwe.

Ninachowaomba

Kwenu viongozi wa vyama: pitisheni azimio kwenye mkutano mkuu ujao kwamba mweka hazina hatatoa pesa za ununuzi wa samaki wa kuuzwa nje kwa barua ya mkopo mpaka jedwali la safu nne liwe limejazwa, kutiwa saini na watu wawili, na marekebisho yawe yamefika kupitia benki. Kwenye mikataba ijayo, ongezeni kiambatisho chenye rasimu ya barua ya mkopo mnayoitaka, kisanduku kwa kisanduku, na sharti kwamba muda wa kupakia utaanza kuhesabiwa barua inayolingana na rasimu hiyo itakapopokelewa. Sharti hilo pekee lingeondoa mgogoro wa tarehe katika mfano wetu.

Kwenu maafisa wa ushirika: mnapokagua vitabu vya chama kinachouza nje, takeni kuona jedwali hilo pamoja na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dola 93,500 zinaweza kupotea huku kila risiti ya samaki, mafuta na usafiri ikiwa safi.

Kwenu Chemba: vyama hivi huja kwenu kwa ajili ya cheti cha asili. Wakati huo shehena kwa kawaida iko tayari kuondoka, na muda wa kudai umekwisha. Waalikeni waje na barua ya mkopo wiki ile inapofika, na muwe na mtu anayezijua kanuni za UCP 600 wa kukaa nao kwa saa mbili. Mwanzoni siku moja kwa mwezi Homa Bay na moja Migori ingetosha.

Wavuvi hawa hupeleka samaki wao ufukweni wakijua watalipwa baadaye. Wameamini kwamba kuna mtu ofisini aliyesoma karatasi kwa niaba yao. Naomba mtu huyo awepo, na awe amemaliza kusoma kabla ya boti ya kwanza kupimiwa samaki.

Wenu katika kazi,

Mkaguzi wa hati za biashara ya nje